Pampu ya maji iandikwe wapi? Kuunganisha kazi na fedha za mradi kwa namba moja

Mfano wetu ni mtaro wa zege wa maji ya mvua, urefu mita 240, upande wa Mikocheni, Dar es Salaam, ambako ukichimba kidogo tu maji yanakusubiri. Mradi kama huu nimeusimamia mwenyewe. Tarakimu nimezirahisisha ili hesabu ifuatike kwa kalamu, lakini kosa ni lile lile nililolifanya.

Hatua ya 1: Gawanya kazi mpaka uweze kuipima

Anza na kitu kitakachokabidhiwa, yaani mtaro, ukigawe kwa matokeo. Sisi tulikuwa na 1.1 Maandalizi, 1.2 Uchimbaji, 1.3 Zege na 1.4 Vifuniko. Chini ya 1.2 tukaweka 1.2.1 Kuchimba (shilingi 9,600,000) na 1.2.2 Kusomba udongo, tripu 120 za tipa (shilingi 4,800,000). Chini ya 1.3 palikuwa na 1.3.1 Zege la kusawazisha na 1.3.2 Kitako na kuta, shilingi 48,000,000.

Ngazi ya mwisho ndiyo kifurushi cha kazi. Acha kugawa pale unapoweza kujibu maswali matatu bila kukisia: nani anaifanya, imefika wapi, na imekula kiasi gani. Kuchimba kunapimwa kwa mita, kusomba kwa tripu. Ukiendelea kugawa hadi "kuchimba mita 20 za kwanza", mtunza stoo atachoka ndani ya wiki moja na kuandika namba yoyote inayomjia kichwani.

Jumla ya vifurushi lazima iwe sawa na kazi yote ya mkataba, bila kuzidi wala kupungua. Kazi isiyo na kifurushi haina bajeti, ila gharama yake itakuja tu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Hatua ya 2: Chagua wapi utasimama kuhesabu

Akaunti ya udhibiti ni mahali pale kwenye mgawanyo ambapo kazi, ratiba na fedha vinakutana, na mtu mmoja anawajibika. Inaweza kubeba vifurushi vingi, lakini kila kifurushi kiwe cha akaunti moja tu. Sisi tuliweka 1.2 yote chini ya msimamizi wa uchimbaji, na 1.3 chini ya msimamizi wa zege.

Kwa mradi mdogo usiweke akaunti ya udhibiti kwenye kila kifurushi. Utapata ripoti ndefu yenye tofauti ndogondogo ambazo hakuna anayezifanyia kazi.

Hatua ya 3: Andika kamusi ya kazi

Wengi huruka hapa, nami niliruka. Jina la kifurushi ni maneno mawili matatu tu; kamusi ndiyo inayoeleza kilichomo. Kwa kila kifurushi andika namba, maelezo, mhusika, akaunti yake ya udhibiti, bajeti, jinsi maendeleo yatakavyopimwa, na kigezo cha kuipokea kazi. Kisha ongeza mistari miwili: *inajumuisha* na *haijumuishi*. Huo wa pili ndio unaookoa watu.

Hatua ya 4: Namba iandikwe wakati wa kuomba fedha

Usisubiri mwisho wa mwezi ukae na rundo la risiti ukijiuliza dizeli hii ilikwenda wapi. Namba ya kifurushi iwe kwenye fomu ya maombi, hata kama fundi atalipwa kwa simu. Na gharama iingie wiki kazi ilipofanyika. Kokoto zilizokwisha kumwagwa ni gharama, hata kama mwenye lori bado anakudai.

Kwenye Ekseli, orodha moja ya matumizi inatosha. Ikiwa karatasi yake inaitwa Matumizi, namba ya kifurushi iko safu ya C na kiasi safu ya E, akaunti nzima ya 1.2 unaijumlisha hivi:

```
=SUMIFS(Matumizi!E:E,Matumizi!C:C,"1.2.*")
```

Safu ya C ifanye ya maandishi kabla hujaanza kujaza. Usipofanya hivyo, namba 1.10 itageuka 1.1 mbele ya macho yako.

Hatua ya 5: Linganisha thamani ya kazi na gharama

Mwisho wa wiki ya tatu tulikuwa tumechimba mita 150 kati ya 240. Thamani ya kazi iliyofanyika ni bajeti mara sehemu iliyokamilika: 9,600,000 × 150 ÷ 240, yaani shilingi 6,000,000. Gharama zilizoandikwa kwenye 1.2.1 zilikuwa 8,100,000. Kusomba kulikuwa sawasawa: tripu 75, thamani 3,000,000, gharama 3,000,000.

Kwa akaunti nzima, thamani 9,000,000 kwa gharama 11,100,000. Ukigawa unapata 0.81: kila shilingi tuliyotumia ilileta kazi ya senti 81. Kwa mwendo huo akaunti ya 14,400,000 ingeishia 14,400,000 × 11,100,000 ÷ 9,000,000, yaani 17,760,000, ikipitiliza kwa 3,360,000. Zege, kwa upande wake, lilionekana linakwenda vizuri kuliko tulivyokadiria.

Nikamwita msimamizi wa uchimbaji. Hakupandisha sauti. "Mkuu, mimi nachimba. Pampu inanihusu nini?"

Tukafungua risiti moja moja. Ndani ya ile 8,100,000 mlikuwa na shilingi 1,800,000 za kukodi pampu, siku 12 kwa 150,000. Nikarudi kwenye makadirio. Fedha ya pampu ilikuwepo, 2,400,000, lakini mkadiriaji majenzi aliiweka ndani ya bei ya kitako na kuta, kwa hoja kwamba zege halimwagwi kwenye maji. Mtunza stoo aliiandika kwenye uchimbaji kwa sababu pampu ilikuwa shimoni. Wote wawili walikuwa na hoja. Kamusi haikuwa na neno hata moja kuhusu maji.

Hatua ya 6: Rekebisha bila kuficha

Tulifungua kifurushi kipya, 1.2.3 Kukausha maji. Kazi hiyo tukaihamisha pamoja na bajeti yake ya 2,400,000 kutoka 1.3.2, ambayo ikabaki na 45,600,000. Jumla ya mradi haikubadilika. Ile 1,800,000 tukaihamishia 1.2.3, tukaandika tarehe, sababu na saini za wasimamizi wote wawili. Bajeti ihame tu pale kazi inapohama nayo. Ukihamisha fedha peke yake kwenda kuziba pengo, hapo unafuta ushahidi.

Hesabu mpya: kuchimba, thamani 6,000,000 kwa gharama 6,300,000. Kukausha maji tulikupima kwa mita zilezile, thamani 1,500,000 kwa 1,800,000. Kusomba hakukuguswa. Akaunti nzima ikawa 10,500,000 kwa 11,100,000, uwiano 0.95.

Angalia jambo moja: makisio ya mwisho bado ni 17,760,000. Ila sasa yanalinganishwa na bajeti ya 16,800,000, kwa hiyo kupitiliza ni 960,000. Zile 2,400,000 nyingine hazikuwa hasara ya mchimbaji. Zilikuwa bajeti yake iliyokaa kwa jirani, ikimpendezesha msimamizi wa zege.

Kupima pampu kwa mita kuna udhaifu: mvua ikisimamisha uchimbaji, pampu inaendelea kula dizeli na mita hazisogei, hivyo uwiano utashuka. Niliona afadhali hivyo. Ukiipima kwa siku zilizopangwa, thamani itapanda kila siku hata kama hakuna aliyechimba, na kuchelewa hakutaonekana.

Hivi ndivyo kamusi ilivyosomeka baadaye:

*1.2.3 Kukausha maji. Akaunti 1.2. Mhusika: msimamizi wa uchimbaji. Kipimo: mita za mtaro uliochimbwa. Inajumuisha: kukodi pampu, dizeli, mipira, mlinzi wa pampu usiku, mpaka zege la kusawazisha limwagwe. Haijumuishi: maji yatakayoingia baada ya hapo, hayo ni ya 1.3.2.*