Kuchambua kinaya na usemi wa kupunguza kwa kanuni za Grice, na pale kanuni hizo zinapokwama

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa isimu ambaye ana mazungumzo halisi ya Kiswahili mkononi na anataka kueleza jinsi msikilizaji alivyoelewa jambo ambalo halikutamkwa. Nitatumia tukio moja la kubuni, la aina inayosikika sana Busia upande wa Uganda, ambako wenye mizigo, madereva na wachukuzi wanaotoka katika lugha mbalimbali hukutana katika Kiswahili.

Hatua ya 1: Andika kauli, kisha andika wanachokijua wote wawili

Dereva wa kanta alimwambia mama muuza nyanya kwa simu, "Alfajiri nitakuwa hapo, mama, usiwe na wasiwasi." Anafika saa tisa alasiri. Matenga ya chini yamepondeka na maji ya nyanya yanachuruzika kutoka kwenye gari. Mama anatazama gari, anamtazama dereva, anasema: "Umewahi kweli leo, mwanangu." Dereva anajibu, "Nisamehe, mama, barabara imenitesa."

Wanafunzi wengi hunukuu kauli ya mama peke yake. Nukuu pia ile ahadi ya simu na lile jibu la dereva, kwa sababu uchambuzi wote unaofuata unategemea mambo hayo mawili.

Hatua ya 2: Jenga hoja ya Grice bila kuruka kiungo

Mwanafalsafa Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, ambayo sehemu yake ilichapishwa mwaka 1975, alidai kwamba wanaozungumza huchukuliana kuwa wanashirikiana, na akagawa matarajio hayo katika kanuni nne: ya kiasi, ya ukweli, ya uhusiano na ya namna. Mzungumzaji anapokiuka mojawapo waziwazi, bila nia ya kudanganya, msikilizaji hutafuta maana nyingine itakayoonyesha kwamba ushirikiano haujavunjika.

Kwa tukio letu hoja inakwenda hivi: mama amesema dereva amewahi; anajua si kweli, na anajua dereva naye anajua; hakuna dalili kwamba amejitoa katika mazungumzo; basi lazima kuna wazo jingine linalohusiana na hilo analotaka lieleweke; wazo lililo karibu zaidi ni kinyume chake, yaani kwamba dereva amechelewa. Kanuni iliyokiukwa ni ya ukweli.

Hoja hii ni safi, lakini usikomee hapo. Dereva kuchelewa ni jambo ambalo kila aliyesimama pale anaona. Ikiwa mama alitaka tu kumjulisha hilo, hakuna alichomjulisha. Dereva mwenyewe hakujibu "Ndiyo, nimechelewa". Aliomba msamaha, maana alichokisikia ni lawama, na lawama hiyo haimo katika kinyume cha sentensi.

Hatua ya 3: Badilisha kauli na hali, uone kama hoja inastahimili

Badiliko la kwanza ni la Grice mwenyewe. Katika maandishi aliyochapisha mwaka 1978 alitoa mfano wa watu wawili wanaopita karibu na gari lenye kioo kilichovunjika, mmoja akasema, "Tazama, gari lile vioo vyake vyote ni vizima." Uongo uko wazi, hakuna anayedanganywa, na bado hakuna kinaya; mwenzake anabaki kushangaa. Masharti yote ya hatua ya 2 yametimia na matokeo hayakupatikana. Grice alikiri pengo hilo na akaongeza kwamba kinaya hubeba hisia au hukumu ya kushutumu. Naheshimu sana uaminifu huo, ingawa nyongeza yenyewe haitokani na kanuni yoyote kati ya zile nne.

Badiliko la pili: mama aseme, "Napenda sana watu wanaotimiza ahadi." Sentensi hii ni ya kweli kabisa, na bado dereva atainamisha kichwa. Au aulize, "Kwani alfajiri ya kwenu huanza saa ngapi?" Swali haliwezi kuwa la kweli wala la uongo. Mchambuzi anayetegemea kanuni ya ukweli peke yake atavikosa vinaya hivi viwili.

Badiliko la tatu: dereva afike alfajiri kama alivyoahidi, na mama aseme, "Umechelewa kweli leo!" Kauli hiyo inashangaza, isipokuwa kama mtu alikuwa amedai kwamba dereva huyu atachelewa tu. Dan Sperber na Deirdre Wilson, mwaka 1981, walieleza jambo hili kwa njia ninayoiona bora: mwenye kinaya hurudia wazo la mtu fulani, au matarajio ya watu wote, huku akionyesha jinsi anavyolidharau. "Umewahi" ni mwangwi wa ahadi ya simu. Matarajio ya kawaida huwa mema, ndiyo maana sifa hugeuka lawama kwa urahisi, na lawama haigeuki sifa mpaka pawe na neno baya lililotangulia. Lile gari lenye kioo kilichovunjika halikuwa na wazo lolote la kurudiwa.

Hatua ya 4: Shughulikia usemi wa kupunguza peke yake

Grice aliuweka usemi wa kupunguza pamoja na kinaya, chini ya kanuni ya ukweli. Mfano wake ni wa mtu aliyevunja samani zote, kisha akasemwa kwamba alikuwa amelewa kidogo. Mimi hupendelea kuanza na kanuni ya kiasi, kwa kuwa kauli ya namna hii mara nyingi si ya uongo, bali inasema pungufu ya hali ilivyo.

Sasa rudi kwenye gari. Dereva anasema, "Mzigo umeharibika kidogo, mama." Mchukuzi aliyesimama pembeni, mikono ikiwa imelowa maji ya nyanya, naye anasema, "Mzigo umeharibika kidogo." Maneno ni yaleyale, nyanya ni zilezile, na ukiukaji wa kanuni ni uleule. Kwa hoja ya Grice tungetarajia dokezo moja, yaani maana moja isiyotamkwa. Waliopo wanasikia mambo mawili: mchukuzi anasema mzigo umekwisha kabisa, na dereva anaomba asikaripiwe. Kinachotenganisha kauli hizo ni nani atalipia hasara, na kanuni zote nne ziko kimya kuhusu hilo.

Kuna "kidogo" nyingine inayosumbua zaidi. Mtu anakuja na kusema, "Mama, nina shida kidogo." Kanuni ya kiasi inatabiri kwamba shida si kubwa, kwani angesema "kubwa" kama ingekuwa kubwa. Hakuna mwenye Kiswahili anayeisikia hivyo; ni mlango wa ombi, na ombi linaweza kuwa karo ya muhula mzima. Jaribu kuongeza maneno: "Nina shida kidogo, tena kubwa" hupita bila kumkwaza mtu, lakini "Nyanya zilizooza ni kidogo, tena ni nyingi" humlazimisha msikilizaji kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. "Kidogo" ya kwanza haipimi kitu, kwa hiyo usiitafutie dokezo la kiasi.

Elinor Ochs Keenan alionyesha mwaka 1976, kwa mazungumzo ya Madagaska, kwamba si kila jamii inatarajia mzungumzaji atoe habari zote alizo nazo. Kabla ya kutaja ukiukaji wowote, thibitisha kwanza kwamba matarajio hayo yapo katika mazungumzo uliyo nayo.

Hatua ya 5: Acha jibu liamue

Mchambuzi aliyeketi mezani anaweza kukokotoa dokezo lolote. Kwa hiyo andika tafsiri yako, kisha itazame zamu inayofuata. Dereva akijibu "Nisamehe", amesikia lawama. Akijibu "Asante, mama", ama hakusikia kinaya, ama amekisikia na kuamua kukikwepa; hapo usikilize zamu ya tatu, kwa kuwa mama atarudia kwa ukali zaidi, au ataiacha na kuanza kuhesabu matenga yaliyopona.