Tofauti ya herufi moja: kusoma majina ya upasuaji kuanzia mkiani

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu hapa Kondele kutoka Kakamega, begi limejaa daftari. Yuko mwaka wa kwanza, na wiki hii wana mtihani wa istilahi za kitabibu. Alikuwa ameyaandika majina kurasa kwa kurasa, jina kushoto, maana kulia, na kuyakariri mazima mazima kama mashairi. "Mjomba, nayajua yote," akaniambia, "lakini wakibadilisha kidogo tu, najikuta sijui kitu."

Nimefanya kazi thieta miaka mingi na kosa lake nalijua, maana niliwahi kulifanya. Tulikaa mezani tangu chai ya saa nne hadi jioni. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Kata neno

Hii ni rahisi kwa yeyote aliyesoma uambishaji kwenye Kiswahili. Kama unavyokata `a-na-pik-a`, kata pia `peri-card-itis`: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati. Si kila neno lina vyote vitatu. `Gastritis` ni mzizi na mkia tu.

Katia kwenye karatasi. Nilimfanya mpwa wangu akate boksi la unga liwe kadi, mizizi kwa biro nyeusi, mikia kwa nyekundu. Zile programu za simu za kukariri sizipendi. Zinakuonyesha neno likiwa zima, na huo ndio ugonjwa tunaoutibu.

Hatua ya 2: Anzia mkiani

Mkia ndio unaosema hili ni jambo gani: ugonjwa, kipimo au upasuaji. `-itis` ni kuvimba kwa kiungo, `-scopy` ni kuchungulia ndani kwa chombo, `-ectomy` ni upasuaji. Ukishajua mkia, rudi mwanzo wa neno, kisha malizia katikati. `Pericarditis`: kuvimba, kuzunguka, moyo. Yaani kuvimba kwa ule utando unaouzunguka moyo.

Kwenye maswali ya kuchagua, mkia peke yake mara nyingi hufuta majibu mawili kabla hujaugusa mzizi.

Hatua ya 3: `-otomy`, `-ectomy`, `-ostomy`

Hapa tulikaa zaidi ya saa mbili, na hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka. Nikiwa mwanafunzi, hospitali fulani ambayo sitaitaja, niliona kwenye orodha ya asubuhi neno limeandikwa kwa mwandiko wa daktari. Nikasoma `cystectomy`. Nikafungua seti kubwa ya upasuaji wa tumbo, nikapanga koleo na mikasi, nikahesabu vitambaa. Sista msimamizi akaja, akaitazama meza yangu, akaitazama orodha. Neno lilikuwa `cystostomy`. Mzee wa watu alikuwa na tezi dume iliyovimba, mkojo umeziba, alihitaji tu kutobolewa chini ya kitovu na kuwekewa mpira wa kutoa mkojo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtoa kibofu.

Kwa hiyo twende polepole.

Mikia yote mitatu ina asili ya Kigiriki. `Tome` ni kukata. Kwa hiyo `-tomy` ni kupasua: kiungo kinafunguliwa, kazi inafanyika, kinafungwa. Kinabaki mahali pake.

`-ectomy` ni hiyo hiyo `tome`, imetanguliwa na `ek`, maana yake nje. Kukata na kutoa nje. Mpwa wangu alikwama hapa mpaka nilipomkumbusha `ectopic`, neno analolisikia kila siku wadi ya akina mama: mimba iliyotunga nje ya mahali pake. `Ec` ni ile ile. Tangu hapo hakukosea `-ectomy` tena.

`-stomy` haitokani na `tome` hata kidogo, ingawa inafanana. Inatokana na `stoma`, mdomo. Daktari anatengeneza mdomo mpya na kuuacha wazi. Yule mgonjwa unayemwona na mfuko ubavuni unaopokea choo, huyo amefanyiwa `colostomy`: utumbo mpana umepewa mdomo kwenye ngozi ya tumbo. Mdomo huo unaweza kuwa wa miezi michache au wa maisha. Mkia hausemi ni wa muda gani, kwa hiyo jibu linalosema "wa kudumu" litilie shaka.

Sasa ile `o` inayosumbua. Kwenye kitabu utaona `-otomy` na `-ostomy` zimeandikwa na `o` mbele, ukadhani ni sehemu ya mkia. Sivyo. Ni gundi. Mkia ukianza na konsonanti, gundi inawekwa: `gastr` + `o` + `tomy`. Mkia ukianza na irabu, gundi haina kazi: `gastr` + `ectomy`. Ni kama sisi tunavyosema walimu, si *waalimu*. Irabu zikigongana, moja hupisha. Ila kati ya mizizi miwili gundi hubaki hata kama wa pili unaanza na irabu, ndiyo maana tunaandika `gastroenteritis`, si vinginevyo.

Ukiitoa gundi, tofauti ya `gastrotomy` na `gastrostomy` ni herufi moja: `s`. Ya kwanza, tumbo, yaani mfuko wa chakula, limepasuliwa, labda mtoto amemeza sarafu, na likafungwa. Ya pili, tumbo limetobolewa njia ya mpira wa kulishia mtu asiyeweza kumeza. Nilimwambia mpwa wangu kila aonapo neno la jamii hii aweke kalamu mbele ya `tomy` na ajiulize kuna nini hapo: `s`, `ec`, au gundi tupu? Asisome kwa sauti kwanza. Sikio linadanganya hapa, hasa ukiharakisha.

Kuna tahadhari nne, na watungaji mitihani wanazipenda.

`-ectomy` si lazima iwe kutoa kiungo kizima. `Vasectomy` kwa kawaida hutoa kipande kidogo tu cha mrija wa mbegu za kiume. Jibu likisema "kuondoa chote au sehemu", hilo lina nguvu kuliko "kuondoa chote".

Ukiona mizizi miwili mbele ya `-stomy`, mara nyingi mdomo haufunguki nje kwenye ngozi. Viungo viwili vimeunganishwa mdomo kwa mdomo. `Gastrojejunostomy` ni tumbo limeunganishwa na sehemu ya utumbo mwembamba. Hakuna mfuko.

`Cyst` ina maana mbili. Kwenye majina mengi ni kibofu cha mkojo, lakini ikitanguliwa na `chole`, nyongo, inakuwa mfuko wa nyongo. `Cholecystectomy` haigusi mkojo. Na daktari akisema `cyst` peke yake, anaweza kumaanisha uvimbe wenye maji popote pale mwilini.

Ya nne, maneno mengine yamezeeka. `Phlebotomy` kwa kukatakata ni kupasua mshipa wa damu, lakini leo ni mtu wa maabara anakutoa damu kwa sindano. Na `anatomy` ina `tomy` ndani yake kweli, kwa sababu elimu hiyo ilianza kwa kupasua maiti, ila hakuna mgonjwa anayefanyiwa.

Hatua ya 4: Angalia tahajia ya noti zako

Noti nyingi za mtandaoni zimeandikwa Kimarekani, na vyuo vyetu hufuata Kiingereza cha Uingereza. Damu kwa Mmarekani ni `hem-`, kwetu ni `haem-`. Mimi naishikilia ya kwetu kwa sababu moja: inakuzuia kuichanganya na `hemi-`, yaani nusu. `Haematuria` ni damu kwenye mkojo. `Hemiplegia` ni kupooza upande mmoja wa mwili. Mmarekani akiandika `hematuria`, mwanafunzi mwenye haraka anaanza kutafuta nusu ya mkojo.

`Hyper-` ni kuzidi, `hypo-` ni kupungua. Hiyo hata sielezi.

Hatua ya 5: Fanya swali moja mpaka mwisho

Nilimtungia hili, nikiliweka kwa Kiswahili ili aone mtego bila kujificha nyuma ya Kiingereza:

Mgonjwa amefanyiwa `nephrostomy`. Ni maelezo gani sahihi?

A. Figo moja limeondolewa.
B. Figo limepasuliwa, jiwe likatolewa, likashonwa.
C. Mkojo unatoka kwenye figo kupitia mpira uliopita kwenye ngozi ya mgongo.
D. Neva iliyobanwa imefunguliwa.

Akakimbilia B. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu mawe ya figo ndiyo tunayaona sana wadi." Nikamwambia swali halijauliza unaona nini wadi.

Tukaanzia mkiani. Kalamu mbele ya `tomy`: kuna `s`. Kwa hiyo ni mdomo, njia imeachwa wazi. A inaanguka, hiyo ingekuwa `nephrectomy`. B inaanguka, maana kushona ni kufunga, na hiyo ni `nephrotomy`. Zimebaki C na D. Sasa ndipo mzizi unapoulizwa: `nephr` ni figo, `neur` ni neva. D imewekwa kwa ajili ya anayesoma herufi ya kwanza na kuruka zilizobaki. Ni C. Mzizi ni mmoja, kwa hiyo mdomo umefungukia nje, si kwenye kiungo kingine.

Angalia kwamba hakuhitaji kuwahi kuliona neno `nephrostomy`. Angalia pia kwamba "mgongo" haimo ndani ya neno. Neno lilimpa figo na mdomo tu. Mahali mpira unapotokea ni anatomia, na hiyo anaisoma kwenye somo jingine.

Kisha nikampa kadi nyekundu tatu na nyeusi tano, nikamwambia apange kila jina linalowezekana na aseme mgonjwa atarudi wadi akiwa na nini: kidonda kilichoshonwa, kiungo kilichopungua, au mpira. Alipofika `tracheostomy` akasimama. "Lakini wadi wanasema `tracheotomy`, mgonjwa yule yule." Kweli, watu huyachanganya hayo mawili, hata madaktari. Kwenye karatasi ya mtihani lakini kupasua koo la hewa ni moja, na tundu linalobaki wazi na mpira wake ni jingine.

Saa kumi na mbili nilimsindikiza stejini. Kwenye matatu ya Kakamega alikuwa bado ameshika kadi mkononi, kidole kiko mbele ya `tomy`.