Kurudisha kona iliyochanika: pindo la kanga na pazia la studio

Mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliniletea picha ya marehemu mama yake, nyeusi na nyeupe, saizi ya kadi ya posta. Kona ya chini kulia haipo. Imeondoka na pindo la kanga, kipande cha pazia la studio na sakafu. Natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha.

1. Skani kwa 1200 dpi, ukiweka karatasi nyeusi nyuma ya picha. Hifadhi TIFF na usiiguse tena. Fanyia kazi nakala.

2. Kuza penye mchaniko. Utaona uzi mweupe: ni karatasi yenyewe iliyochunika. Ufute, ukiingia ndani kidogo, la sivyo Clone, brashi inayonakili sehemu moja ya picha kwenda nyingine, itausambaza kona nzima.

3. Anza na nyuma, kwenye leya yake. Tafuta mstari ambapo pazia linakutana na sakafu, uuvute ulivyo hadi ukingoni. Kisha jaza kwa Clone, ukiwasha Sample merged na kubadilisha mahali pa kuchota kila mara. Ukichota mahali pamoja tu, doa lilelile litajitokeza mara tatu.

4. Sasa kanga, leya ya juu. Pindo huzunguka kanga yote, kwa hiyo upana wake unao tayari upande wa kushoto. Mimi nilikata kipande hicho nikakigeuza kwa Flip, nikajiona fundi. Yule mama akaitazama skrini, akasema, "Mwanangu, mbona kama kaloa upande mmoja?" Kweli. Taa ya studio ilitoka kushoto, na mikunjo niliyogeuza ilikuwa na kivuli upande wa taa. Nikafuta. Safari hii nilichukua pindo mahali palipotulia, pasipo mkunjo, bila kuligeuza, nikalilaza kwa Unified Transform kufuata mteremko wa nguo. Mikunjo nikaichora mwenyewe kwa Dodge / Burn, Exposure ikiwa 10 hivi, nikipita taratibu mara nyingi.

Jina la kanga lilikatikia palepale kwenye mchaniko, zimebaki herufi mbili. Mama alikuwa na makisio yake, ila hakuwa na hakika, na mimi herufi za kukisia siweki. Nilipitisha mkunjo wenye kivuli hapo, ukaufunika ukanda.

5. Kona mpya itang'aa kama plastiki kwa sababu haina chenga za filamu. Tumia Filters > Noise > RGB Noise, Independent RGB ikiwa imezimwa, ukilinganisha na pazia la jirani kwenye ukubwa wa 100%.

Kisha geuza picha nzima kushoto kulia, uitazame kwa mbali. Jicho linaloizoea picha huacha kuona kiraka. Nilipogeuza, nilikuta doa moja la sakafu limejirudia karibu na kiatu.

Nyuma ya nakala niliyochapisha niliandika kwa penseli: kona ya chini kulia imechorwa upya.