Kukagua fimbo za gofu za mtumba: rangi ya maandishi na namba ya shingoni

Mchezaji mpya wa klabu ya gofu ya Lugalo aliniomba tukague kama seti ya fimbo za chuma za kampuni ya Ping ni halisi au bandia kabla hajamlipa muuzaji. Utaratibu tuliofuata ni huu.

1. Mshiko. Utazame, usiamulie hapo. Raba huchakaa na kubadilishwa, kwa hiyo fimbo halisi yenye mshiko wa bei rahisi ni jambo la kawaida.

2. Lebo ya mpini. Kwenye mpini wa chuma, lebo ni stika tangu kiwandani. Ukingo unaoguswa kwa ukucha si kasoro. Kwenye mpini wa grafaiti, maandishi kwa kawaida yamefunikwa na vanishi. Hapo ukingo wa stika ni sababu ya kushtuka.

3. Rangi ndani ya maandishi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo usiharakishe. Utaambiwa rangi iliyomwagika nje ya herufi ni dalili ya bandia. Kwa fimbo mpya, sawa. Kwa mtumba haitoshi, kwa sababu rangi ya kiwandani hubanduka kwa mchanga na kupigwapigwa, na mwenye fimbo huijaza upya kwa rangi ya kucha. Fimbo halisi kabisa inaweza kuwa na rangi iliyopakwa hovyo.

Kwa hiyo soma mchoro wenyewe, rangi iache. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa kichwa ili mwanga upite juu ya herufi, kisha upige picha ya karibu. Kingo za herufi ziwe kali na kina kiwe kimoja kutoka fimbo hadi fimbo. Herufi zenye kingo za duara, na vijishimo kwenye sakafu yake, zinatia shaka. Kama rangi imeziba kila kitu, omba ruhusa usafishe herufi moja kwa pamba yenye asetoni kidogo. Rangi itatoka hata kwenye fimbo halisi. Unachotafuta ni kilicho chini yake. Asetoni isiguse mpini wa grafaiti, italamba vanishi.

Mimi siamui kwa picha za muuzaji za WhatsApp. Zinafuta kingo hizo hizo unazozitafuta.

4. Namba. Ping huweka namba moja kwenye shingo za fimbo zote za seti, pamoja na nukta ya rangi inayoonyesha mlalo wa kichwa. Nyeusi ndiyo ya kawaida. Kwenye seti yetu fimbo sita zilikuwa na namba moja, weji ikawa na nyingine. Hilo halimaanishi weji ni bandia, ila haikuzaliwa na wenzake. Kwa kuwa namba inaweza kunakiliwa, waulize Ping seti ya namba hiyo ilitoka na mpini gani na nukta gani, kisha linganisha na uliyoshika mkononi. Zetu sita zililingana. Akalipia sita, weji akamrudishia muuzaji.