Una kifungu cha kutoshindana Dubai? Mwambie wakala wa ajira mapema

Wakala wa ajira akikuuliza kama mkataba wako una masharti yoyote, wengi hujibu "hakuna" kwa kuogopa kuachwa. Kifungu cha kutoshindana, yaani zuio la kufanya kazi inayoshindana na mwajiri wako ukishaondoka, hujitokeza baadaye, wewe umeshatoa notisi. Mwajiri mpya akirudisha ofa nyuma hapo, huna kazi huku wala kule, na viza ya kazi ya zamani iko mbioni kufutwa.

Kabla ya kuongea, soma karatasi zote. Mkataba uliosajiliwa wizarani mara nyingi ni mfupi. Kifungu huwa kwenye barua ya ofa au kiambatisho cha kampuni. Sheria ya kazi ya Emirati Na. 33 ya 2021, kifungu cha 10, inataka zuio liwe na mipaka ya muda, mahali na aina ya kazi, na lisizidi miaka 2 tangu mkataba uishe. Lisilotaja mipaka hiyo lina udhaifu, lakini usimwambie wakala kwamba "halina nguvu". Hilo ni la mahakama. Wewe mweleze lilivyoandikwa.

Chukua mfano wa muuzaji wa huduma za mizigo ya baharini kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Kifungu chake kinasema miezi 12, Dubai, mauzo ya mizigo ya baharini. Kazi mpya ni kusimamia ghala Sharja. Katika simu ya kwanza au ya pili, kabla CV haijapelekwa kwa mwajiri, anaweza kusema hivi:

"Mkataba wangu una zuio la miezi 12, ndani ya Dubai, kwa mauzo ya mizigo ya baharini. Kazi hii ni ya ghala, nayo iko Sharja. Naomba mwajiri ajulishwe kabla ya ofa."

Ujumbe huo unatosha. Usimtumie mkataba mzima, kwa kuwa huenda una sharti la usiri, wala usitaje wateja unaoweza kuhama nao. Ahadi ya wateja ndiyo hasa inayompa mwajiri wa zamani hoja ya kushtaki, na ni yeye anayetakiwa kuthibitisha madhara.

Kazi mpya ikigongana kweli na zuio, sema hivyo, kisha uliza kama mwajiri mpya yuko tayari kutafuta makubaliano. Kanuni za 2022 zinaruhusu zuio kuondolewa kwa maandishi, au wewe ama mwajiri mpya kulipa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 3, mwajiri wa zamani akiridhia kwa maandishi. Zuio halitumiki pia mkataba ukivunjwa wakati wa majaribio, au mwajiri akikuachisha kinyume cha sheria. Kampuni ikiwa ndani ya maeneo huru ya kifedha, yaani DIFC ya Dubai au ADGM ya Abu Dhabi, sheria hii haikuhusu. Huko wana sheria zao za ajira.

Baada ya simu, mwandikie wakala barua pepe yenye maneno yale yale, nawe ubaki na nakala. Notisi usitoe mpaka upate jibu la mwajiri mpya kuhusu zuio, kwa maandishi.