Nazi ngapi kwenye chungu? Jinsi ya kupima mafuta ya nazi na tui kwa ajili ya moyo

Ushauri unaozunguka kwenye simu ni mmoja: meza kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi, moyo utakuwa salama. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi ambaye nyumbani kwake wali unapikwa kwa nazi mchana na samaki anaungwa kwa nazi usiku, ushauri huo una tatizo ambalo aliyeuandika hakulifikiria. Kijiko hicho hakiingii kwenye tumbo tupu. Kinaongezwa juu ya nazi ambayo tayari imeliwa, ila imeliwa kama tui, na watu hawana mazoea ya kuhesabu tui kuwa ni mafuta.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuhesabu vyote viwili, ujue nyumba yako iko wapi na upunguze wapi bila kuharibu chakula.

Hatua ya 1: Pima kijiko chako

Vijiko vya mezani havilingani. Chukua kijiko cha dawa cha mililita 5, kile kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto, ujaze maji mara tatu na kumimina kwenye kijiko unachopikia. Mililita 15 ndicho kijiko kimoja cha chakula kinachozungumzwa hapa. Ukikuta chako kinabeba 20, hesabu zako zote zitapanda kwa theluthi.

Kijiko hicho cha mililita 15 kina karibu gramu 14 za mafuta. Katika hizo, gramu 11 hadi 12 ni mafuta yaliyoshiba, yaani aina ile inayoganda kwenye ubaridi na ambayo huongeza lehemu mbaya, LDL, kwenye damu. Hata chupa yenyewe inaonyesha: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana asubuhi za Julai unayakuta meupe na mazito. Hayajachakachuliwa. Ndivyo yalivyo.

Sasa linganisha na kikomo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22. Chama cha Moyo cha Marekani kinabana zaidi kwa wanaohitaji kushusha LDL: asilimia 5 hadi 6, yaani kama gramu 13. Kwa hiyo kijiko kimoja cha asubuhi kinamaliza nusu ya kikomo cha kwanza, na karibu chote cha pili, kabla hujagusa chakula.

Kama unamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, usijisumbue na kijiko. Weka alama kwa kalamu leo mahali mafuta yalipofikia, kisha angalia baada ya wiki mbili. Lita moja ina vijiko 66 hivi. Familia ya watu watano ikimaliza lita kwa siku 14, kila mtu anakula karibu kijiko kimoja kwa siku.

Hatua ya 2: Hesabu tui

Hapa ndipo mafuta mengi yalipojificha. Kuna nyumba ambayo haijawahi kununua chupa ya mafuta ya nazi na bado imepita kikomo.

Kuna nazi, ikishakunwa kwenye mbuzi, inayotoa gramu 300 hivi za nazi mbichi. Pima yako kwenye mizani ya dukani mara moja tu, itakutosha. Theluthi moja ya uzito huo ni mafuta, yaani gramu 100. Si yote yanayotoka. Ukikamua kwa mkono kwenye kifumbu, mara ya kwanza kasimile, mara ya pili na ya tatu tui jepesi, chukua makisio kwamba nusu hadi theluthi mbili ya mafuta imetoka na mengine yamebaki kwenye machicha. Hapo una gramu 50 hadi 65 za mafuta ndani ya sufuria, na katika hizo takriban gramu 45 hadi 60 ni mafuta yaliyoshiba.

Gawa kwa watu watano. Kila sahani imepata gramu 9 hadi 12. Kipimo rahisi cha kukumbuka jikoni ni hiki: nazi moja kwa watu watano ni karibu kijiko kimoja cha mafuta ya nazi kwa kila mtu.

Tuchukue nyumba ya watu watano pale Mikindani. Mchana wali wa nazi, nazi moja. Usiku changu wa nazi, nazi nyingine. Kwa wastani kila mtu amekula kama gramu 20 za mafuta yaliyoshiba kutoka kwenye tui peke yake, na bado hujahesabu kitumbua cha asubuhi wala maziwa ya chai. Baba wa nyumba, ambaye sahani yake huwa kubwa kuliko ya mtoto, yuko juu zaidi ya hapo. Akiongeza kijiko cha asubuhi kwa nia njema ya kulinda moyo, anafika gramu 31 na zaidi. Gramu 22 amezipita kwa mbali.

Hatua ya 3: Chuja madai kabla ya kuyafuata

Dai linalosikika kisomi kuliko yote ni kwamba mafuta ya nazi ni ya mnyororo wa kati, kwa hiyo yanaunguzwa haraka kwenye ini na hayaingii kwenye damu kama mafuta mengine. Msingi wake ni majaribio ya mafuta maalumu yaliyotengenezwa kiwandani, yenye asidi za mafuta za kaboni 8 na 10. Mafuta ya nazi yana hizo kidogo. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, ambayo sehemu yake kubwa husafiri mwilini kama mafuta ya mnyororo mrefu na huongeza LDL. Matokeo ya mafuta yale ya kiwandani hayawezi kuhamishiwa kwenye chupa yako.

Dai la pili lina ukweli ndani yake: mafuta ya nazi huongeza lehemu nzuri, HDL. Ni kweli, huongeza. Lakini huongeza na LDL pia. Uchambuzi uliokusanya majaribio 16, uliochapishwa 2020, ulilinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya mimea kama alizeti na mzeituni, ukakuta LDL imepanda kwa wastani wa miligramu 10 kwa desilita, ambayo kwenye karatasi za maabara zetu ni takriban 0.27 mmol/L, HDL ilipanda kwa miligramu 4. Na dawa zilizowahi kutengenezwa ili kupandisha HDL ziliipandisha kweli, ila hazikuleta kinga ya moyo iliyotarajiwa. Kuinua HDL peke yake si ushindi.

Huenda ukaonyeshwa jaribio la Uingereza la 2018, ambapo watu walikula gramu 50 za mafuta ya nazi kwa siku na LDL yao haikupanda kuliko ya waliokula mafuta ya mzeituni. Jaribio hilo lipo. Lilidumu wiki nne na lilikuwa na watu wasiofika 100. Lisome pamoja na yale mengine, usilisome peke yake.

Halafu kuna hoja ya wazee: bibi na babu walikula nazi maisha yao yote. Hii ni hoja ya heshima na ina mfano uliochunguzwa, watu wa visiwa vya Tokelau katika Pasifiki, ambao zaidi ya nusu ya nishati yao ilitoka kwenye nazi na maradhi ya moyo hayakuwa mengi kwao. Ila walikula nazi yenyewe na nyuzinyuzi zake, pamoja na samaki, sukari ilikuwa kidogo, na kazi zao zilikuwa za mwili. Lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya watu wa kisiwa kingine cha Pasifiki, Pukapuka, waliokula nazi pungufu kuliko wao. Babu aliyekula samaki wa nazi kisha akashinda shambani kwenye mikorosho hafanani na mjukuu anayeshinda kwenye kiti na kula wali ule ule, chapati na soda.

Hatua ya 4: Panga upya chungu

Anza kwa kuchagua: nazi iingie kama tui au kama mafuta ya kukaangia, si vyote viwili. Kwa mpishi wa huku jibu ni rahisi, kwa sababu ladha iko kwenye tui. Kukaanga kitunguu na nyanya tumia alizeti au ufuta, kijiko kimoja hadi viwili kwa sufuria ya watu watano.

Kisha tumia nazi kwa mlo mmoja wa siku. Mlo wa pili uwe mchuzi wa nyanya, samaki wa kuchoma au mbaazi zilizoungwa kwa kitunguu. Siku ambayo lazima milo yote iwe na nazi, gawa nazi moja: tui jepesi lipikie wali, kasimile iungie mboga.

Mboga ikitumia nusu nazi, mama mkwe atajua kwa kuionja tu, usipojua pa kuweka ladha. Ivishe mboga kwa maji au tui jepesi, kisha mimina kasimile dakika za mwisho, koroga taratibu na ushushe ikianza kutokota. Ikichemka kwa nguvu tui linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi unabaki maji. Wengi wakiona hivyo huongeza nazi nyingine, na hesabu inaharibika hapo. Kisamvu kinachohitaji uzito zaidi kitilie karanga au korosho zilizosagwa, vijiko vitatu hivi. Mafuta yake mengi si yale yaliyoshiba. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupe.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuongeza alizeti bila kupunguza nazi. Hapo umeongeza mafuta tu. Kosa jingine ni kuondoa nazi na kujaza nafasi yake kwa mkate mweupe na sukari, kwani moyo haupati faida yoyote kwa kubadilishana huko. LDL inashuka pale mafuta yaliyoshiba yanapopisha mafuta kama ya alizeti, ufuta, karanga na samaki.

Hatua ya 5: Pima damu

Ulizia hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, kipimo cha mafuta kwenye damu chenye LDL, HDL na trigliseridi. Pima kabla ya kubadilisha chungu, kisha baada ya wiki sita hadi nane, kwenye maabara ile ile. Tofauti ya 0.2 mmol/L inaweza kuwa mabadiliko ya kawaida ya siku hadi siku. Ikishuka kwa 0.5, kuna jambo limetokea kweli.

Mwenye kisukari, aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, afuate kile kikomo cha gramu 13, na dawa ya lehemu aliyoandikiwa asiiache kwa sababu ameanza kupika vizuri. LDL ikisoma 4.9 au zaidi, hiyo inaweza kuwa imebeba urithi wa ukoo ndani yake. Mpeleke mtu huyo kwa daktari, na ndugu zake wa damu wapimwe pia.