Kabla menyu haijaenda kuprintiwa: kisamvu, korosho na kinu kimoja

Menyu nyingi za Mtwara na Lindi zinatafsiriwa na mtu amekaa steshenari ana orodha ya vyakula mkononi, jikoni hajatia mguu, ndo maana unakuta Kiswahili kimenyooka, Kiingereza kimenyooka, ila hakuna aliyeandika ndani ya chakula kuna nini. Ukipewa kazi ya kuandika menyu ya lugha mbili yenye maelezo ya viungo na aleji, anzia jikoni. Jina la chakula halikwambii kilichomo, hasa huku kwetu ambako mboga moja ina mapishi matatu kutegemea mfuko na msimu.

Chukua kisamvu. Kwenye karatasi ya bosi kimeandikwa kisamvu cha nazi, basi, na ukitafsiri hivohivo umemaliza kwa dakika moja. Sasa ingia jikoni.

"Shikamoo mama, hiki kisamvu unatia nini?"

"Marahaba, natia nazi tu mwanangu."

Usiondoke hapo, maana "nazi tu" ni jibu la siku ya leo. Muulize siku nazi ikipanda bei inakuaje, atakwambia anatwanga karanga. Na msimu wa korosho, kuanzia kwenye mwezi wa 10 hivi, zile za kuvunjika zinapatikana kirahisi kwahiyo anasaga hizo, mboga inakuwa nzito tena tamu kuliko ya nazi. Kwa mteja wa kawaida hayo ni mambo ya ladha tu, ila kwa mwenye aleji hivyo ni vyakula vitatu tofauti kabisa, hata kama kwenye menyu ni mstari mmoja.

Karanga na korosho watu wanazichanganya sana, na wakati wa kuandika Kiingereza ndo balaa linaanza maana wenzetu wana neno moja fupi, "nuts", la kukusanya hizi zote za kutafuna. Usilitumie. Karanga ni jamii ya kunde, inazaa chini ya ardhi, korosho inazaa juu ya mti, na kuna mtu anadhurika na korosho ila karanga anakula vizuri tu, na kinyume chake yupo, na yupo wa zote mbili. Umoja wa Ulaya una orodha ya vitu 14 ambavyo migahawa yao lazima iweze kumwambia mteja kama vipo, sheria imeanza kutumika Desemba 2014, na humo karanga iko peke yake, korosho iko na kundi la kina lozi. Mgeni wa kutoka huko anayefikia Mikindani amezoea kuona hivyo, kwahiyo pande zote mbili andika jina lenyewe: korosho, au karanga.

Halafu kuna kinu, hiki wengi hawakifikirii kabisa. Majani ya kisamvu yanatwangwa, na kinu hichohicho asubuhi kimetwanga karanga au korosho. Kinu ni mti, kina nyufa, unga wa korosho unaingia humo na mafuta yake, maji ya kusuuza hayautoi wote. Kuna mpishi atakwambia kisamvu kinachemka muda mrefu mpaka kila kitu kinakufa, hapo mwelezee taratibu: kutwanga na kuchemsha kunatoa sumu ya majani ya muhogo, hiyo sawa, ila kitu cha kwenye korosho kinacholeta aleji ni protini na moto wa sufuria hauiondoi. Na kwa mtu ambaye mwili wake ni mkali kiasi kidogo sana kinatosha kumvimbisha midomo na kumbana pumzi, huyo ni wa kukimbizwa hospitali palepale, sio wa kupewa maziwa.

Kwahiyo ule mstari wa kisamvu mimi ningeuandika hivi: "Kisamvu cha nazi. Majani ya muhogo yaliyotwangwa, tui la nazi, kitunguu, chumvi. Siku nyingine hupikwa kwa karanga au korosho, tafadhali uliza kabla ya kuagiza. Kinu chetu hutwanga pia karanga na korosho." Upande wa Kiingereza yaende yaleyale sentensi kwa sentensi, usipunguze kwa ajili ya nafasi, maana anayehitaji onyo mara nyingi anasoma upande huo. Bosi akisema ni refu, mwambie anunue kinu cha pili cha majani peke yake na jikoni wakubaliane kisamvu ni nazi siku zote, ndo ufute zile sentensi mbili za mwisho. Onyo linafupishwa jikoni kwanza, karatasi inafuata.

Nazi yenyewe haimo kwenye ile orodha ya 14, ila iandike tu kama kiungo, wapo wachache inaowasumbua, na huku inaingia kwenye wali, maharage, samaki, mpaka vitumbua. Ufuta ndo umo. Lindi ufuta umejaa, kashata zake zinawekwa mezani na chai bila hata kuwa kwenye menyu, na Marekani nao wameuingiza kuwa wa 9 kwenye orodha yao tangu Januari 2023. Kitu cha bure mezani nacho ni chakula, kiandikie.

Vya baharini vinataka utulivu kidogo. Kamba na kaa ni kundi moja, pweza, ngisi na chaza ni kundi lingine, samaki mwenye mapezi kundi la tatu, na Ulaya wanavihesabu mbalimbali. Mtu mwenye aleji ya kamba anaweza akawa anakula samaki bila shida yoyote, ukimwandikia "vyakula vya bahari" umemnyima chakula au umemdanganya. Angalia na karai: kama mihogo na chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga kamba, basi kwenye mstari wa mihogo neno kamba litokee, hata kama linaonekana kichekesho.

Ngano ni rahisi zaidi. Ugali wa muhogo hauna ngano na ni habari njema kwa wageni wanaoikwepa, ila muulize mpishi kama unga hauchanganywi na kama mchuzi hauongezewi unga wa ngano uwe mzito. Vile vipande vya kiungo vya mchuzi vya dukani usivikadirie, omba pakiti usome nyuma, kuna vyenye ngano, soya, na seleri, na kuna vyenye kuku ndani wakati wewe umeshaandika mboga haina nyama.

Neno "salama" usiliandike popote, wala "haina kabisa", kama jikoni ni moja na sufuria ni zilezile. Andika kilichomo, andika kinachoweza kugusana, ishia hapo. Alama za vipicha ni nzuri ila maneno yawepo chini yake, kipicha cha korosho kikiprintiwa kidogo kinafanana na maharage.

Ukimaliza, msomee mpishi upande wa Kiswahili kwa sauti mstari mmoja mmoja, atakukatiza mwenyewe, "hapo siku hizi natia mayai". Chini ya karatasi weka tarehe ya kuhakiki, na ubao wa vyakula vya leo pale mlangoni uwe na nafasi ya kuandika kwa chaki kisamvu cha leo kimeungwa na nini.